Kichwa cha tangazo la zabuni: mnunuzi, kitu na tarehe ya mwisho katika mstari mmoja

Ukiingia asubuhi kwenye saiba yoyote ya Kondele, Kisumu, humkosi mtu anayetafuta tenda. Anaandika neno moja na jina la kaunti, anabonyeza, kisha anapata orodha kama hii:

```
TENDER NOTICE
Tender Notice 2
INVITATION TO TENDER
TENDER NOTICE - September
Microsoft Word - ADVERT FINAL FINAL.docx
```

Anafungua moja baada ya nyingine. Ya kwanza ilifungwa mwaka juzi. Ya pili ni ya bunge la kaunti, naye alikuwa anatafuta ya hospitali. Ya tatu ni skani iliyolala ubavu. Bando likiisha anaondoka, na ofisi iliyotangaza inabaki kujiuliza kwa nini imepata wazabuni wawili tu.

Vichwa vya aina hiyo nimewahi kuviandika mwenyewe. Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kupandisha matangazo kwenye tovuti ya ofisi moja ya umma huku magharibi. Afisa wa ununuzi alikuwa ananitumia faili saa kumi na moja jioni na maneno mawili, "Weka leo", nami nikaweka. Mwongozo huu ni wa anayekaa pale nilipokaa: karani, mtu wa kompyuta, au afisa wa ununuzi anayejipandishia tangazo mwenyewe.

Jambo jema ni kwamba huhitaji kubuni chochote. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015, katika sehemu ya 74, inadai mwaliko wa zabuni utaje jina na anwani ya anayenunua, nambari ya zabuni, maelezo mafupi ya kinachotakiwa, na mahali na wakati wa kuwasilisha. Kwa hiyo habari zote zimo ndani ya karatasi. Kinachokosekana ni mtu wa kuzipandisha mpaka kwenye kichwa.

Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho. Ni wa kubuni, wa kufundishia tu: Idara ya Afya ya Serikali ya Kaunti ya Kisumu inanunua vitanda 40 vya wodi. Tangazo linatoka Jumanne tarehe 1 Septemba 2026 na zabuni inafungwa Alhamisi tarehe 17 Septemba 2026, saa nne asubuhi.

Kwanza, chukua habari kwenye karatasi iliyotiwa sahihi

Usinakili tarehe kutoka kwenye barua pepe wala kwenye ujumbe wa simu. Fungua tangazo lenyewe lililotiwa sahihi, na hati ya zabuni ikiwa tayari, uandike kwenye daftari mistari mitatu: nani, nini, lini. Tangazo likisema tarehe 17 na hati ya zabuni ikasema 18, usipandishe kitu. Mpigie afisa wa ununuzi, arekebishe au asirekebishe, lakini usimchagulie tarehe. Hitilafu hii hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyokiri, kwa sababu hati ya zabuni kwa kawaida huanza maisha yake kama nakala ya hati ya mwaka uliopita.

Mnunuzi ni nani hasa

Watu wengi huipita hatua hii wakidhani iko wazi. Haiko. Mtu akisema "tenda ya Kisumu", anaweza kumaanisha Serikali ya Kaunti, Bunge la Kaunti, Jiji la Kisumu lenye bodi na meneja wake, kampuni ya maji ya KIWASCO, ofisi ya kamishna wa kaunti ambayo ni ya serikali ya kitaifa, au mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, ule tunaouita NG-CDF. Nakuru ni vivyo hivyo, na tangu ipewe hadhi ya jiji mwezi Desemba 2021 mkanganyiko umeongezeka, maana sasa "Nakuru" ni jiji, ni kaunti, na bado kuna kampuni yake ya maji.

Kwa mzabuni tofauti hizo si za jina tu. Kila mmoja ana sanduku lake la zabuni, jengo lake na anayelipa wake. Nilimshuhudia mama mmoja msambazaji wa vifaa vya ofisi, ametoka Luanda kwa matatu na bahasha yake imefungwa vizuri kwa gundi. Akamuuliza mlinzi langoni, "Mwanangu, sanduku la tenda liko wapi?" Akaelekezwa ndani, akatumbukiza. Zabuni aliyoijaza ilikuwa ya bunge la kaunti, na sanduku lile lilikuwa la serikali ya kaunti. Kichwa cha ukurasa alioufungua kilikuwa na jina la kaunti tu.

Kanuni ninayoifuata ni hii. Neno "Kaunti ya" nalitumia kwa serikali ya kaunti peke yake, na naongeza idara kwa neno moja: Afya, Maji, Barabara. Bunge lazima liitwe "Bunge la Kaunti", hata kama herufi zinabana. Jiji ni "Jiji la". Eneo bunge linaanza na NG-CDF kisha jina la eneo. Kwa njia hiyo msomaji wa mara kwa mara anazoea, na wa mara ya kwanza hapotei.

Majina marefu ndiyo yanayotesa. Kakamega ndiko makao ya wakala wa serikali unaojenga miradi mikubwa ya maji upande wa kaskazini wa Ziwa Victoria, na jina lake rasmi likiandikwa lote linajaza kichwa kizima kabla hujafika kwenye bomba lenyewe. Kishawishi ni kuandika herufi za mwanzo tu. Usifanye hivyo, kwa kuwa hakuna anayetafuta kwa mkusanyiko wa herufi saba. Chukua maneno ambayo watu huyatamka: "Maji Ziwa Victoria Kaskazini" inatosha kichwani. Jina kamili, lile la kisheria, linakaa kwenye mstari wa kwanza wa tangazo.

Kitu chenyewe, kwa jina la sokoni

Matangazo yetu huanza na maneno ya dibaji: usambazaji na uwasilishaji wa, utoaji wa huduma za, pendekezo la ujenzi wa. Kwenye karatasi hayadhuru. Kwenye kichwa yanakula nafasi yote ya mbele, kiasi kwamba zabuni kumi tofauti zinaonekana kama moja. Yakate. Anayeuza vitanda anajua kwamba akishinda atavileta.

Baada ya hapo tafuta neno ambalo muuzaji mwenyewe angelitumia. Idara ya afya ina mtindo wa kuandika "vifaa vya afya visivyo dawa". Mwenye duka la jumla hajiiti muuzaji wa vifaa visivyo dawa. Anauza glavu, bandeji na sindano, basi andika "Glavu, bandeji na sindano". Kama orodha ni ndefu, chagua vitu viwili au vitatu vinavyobeba pesa nyingi, na orodha kamili ibaki ndani.

Idadi ikijulikana, itaje. "Vitanda 40" inamwambia fundi wa chuma wa Kibuye kwamba kazi hii anaimudu au haimudu, kabla hajafungua ukurasa. Kwa ujenzi, taja na mahali: "Kalavati 3, Kuresoi Kaskazini" ni bora kuliko "Kazi za barabara". Mkandarasi wa Naivasha anajua safari ya kupeleka mawe Kuresoi ni ya namna gani, na ataamua hapohapo.

Kuna mpaka hapa. Kufupisha si kubadilisha. Kama hati inasema vitanda vya wodi vyenye kuinuka kwa mkono, usiandike "vitanda vya hospitali vya kisasa" kwa kuwa inasikika vizuri. Mzabuni aliyeshindwa atakuja na kichwa chako kimechapishwa akiuliza kwa nini tangazo lilisema hivi na hati ikasema vile. Jina kamili la zabuni, neno kwa neno kama lilivyo kwenye hati, liweke mwanzoni mwa ukurasa pamoja na nambari yake.

Nambari ya zabuni yenyewe nisingeiweka kwenye kichwa, ingawa najua maofisa wa ununuzi huipenda hapo. Ina mikwaju mingi, ina vifupisho vya idara, halafu inamalizika na mwaka wa fedha. Huo mwaka ndio mbaya zaidi. Mwaka wetu wa fedha unaanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni, kwa hiyo zabuni ya Septemba 2026 inabeba "2026/2027", na msomaji anayepita haraka anadhani ni tarehe. Nambari ikae ndani, ambako anayeijua tayari ataikuta kwa kuitafuta.

Neno moja dogo linalostahili kuongezwa ni AGPO, endapo zabuni imetengewa vijana, wanawake au watu wenye ulemavu chini ya ile asilimia 30. Hilo linaamua nani anaruhusiwa kuomba, kwa hiyo ni haki ya msomaji kulijua mapema. Liweke baada ya kitu: "Vitanda 40 vya wodi AGPO".

Tarehe, na ule mtego wa saa

Andika mwezi kwa herufi. Daima. Tarehe "04/09/2026" kwetu ni Septemba nne, lakini kompyuta nyingi za ofisini zimeachwa kwenye mpangilio wa Kimarekani, unaotanguliza mwezi, na programu ikijigeuzia tarehe yenyewe utapata Aprili tisa bila mtu kugusa. Dalili ya tatizo hili ni kwamba tarehe zilizo juu ya 12 zinabaki sahihi huku zile za chini zikigeuka, ndiyo maana makosa yanaonekana kwenye matangazo machache tu na watu wanadhani ni bahati mbaya. "17 Sep 2026" haina njia mbili za kusomwa.

Tanguliza neno "mwisho". Tarehe ikisimama peke yake kichwani, nusu ya wasomaji wataichukua kuwa siku tangazo lilipowekwa, hasa kwa sababu tovuti nyingi huonyesha tarehe ya kuchapisha pembeni mwa kichwa.

Saa usiiweke kwenye kichwa. Sababu ni ya Kiswahili chetu wenyewe. Hati inasema 10:00, sisi tunasema saa nne. Ukiandika "saa 4" kichwani, aliyezoea kusoma Kiingereza ofisini ataelewa saa kumi jioni. Ukiandika "saa 10", mwingine ataelewa hiyohiyo saa kumi jioni, na zote mbili zimempeleka mahali palepale pabaya. Niliona tangazo la ofisi moja likisema zabuni inafungwa "saa 12:00" wakimaanisha adhuhuri. Wazabuni wawili walifika kabla ya magharibi wakiwa na raha zao. Sanduku lilikuwa limekwisha kufunguliwa tangu mchana, kwani sheria inataka zabuni zifunguliwe mara tu muda unapokwisha, na iliyochelewa haiangaliwi.

Saa inaandikwa ndani, mstari wa pili, kwa namna mbili zinazoelezana:

```
Mwisho: Alhamisi 17 Septemba 2026, saa nne kamili asubuhi (10:00)
```

Siku ya juma isiachwe. Ndiyo inayokamata makosa. Ukiandika "Alhamisi 17" na kalenda ikasema 17 ni Ijumaa, mtu atakupigia simu mapema, badala ya kukupigia baada ya sanduku kufunguliwa.

Kuvipanga na kuhesabu herufi

Mpangilio ninaoupendelea ni kitu, mnunuzi, mwisho. Najua ofisi nyingi zingependa jina lao litangulie. Lakini fikiria orodha ya matangazo 20 kwenye tovuti ya ofisi moja: yote yakianza na jina la ofisi, jicho linapitia maneno yaleyale mara 20 kabla ya kuona kinachotofautiana. Anayetafuta kwa simu ana hali mbaya zaidi, maana kioo chake ni chembamba.

Mfano wetu unakuwa hivi:

```
Vitanda 40 vya wodi – Afya, Kaunti ya Kisumu – mwisho 17 Sep 2026
```

Hizo ni herufi 65 pamoja na nafasi. Google haijaweka kikomo cha urefu wa kichwa, bali hukata kile kisichoenea kwenye upana wa kioo. Kwa uzoefu, mkato huo huangukia karibu na herufi ya 60, mbele kidogo au nyuma kidogo, kwa kuwa herufi pana kama "m" na "w" hula nafasi kuliko "i" na "l". Herufi kubwa tupu hula zaidi, na hiyo ni sababu nyingine ya kuacha kupiga kelele kwa "TENDER NOTICE". Sasa hesabu kwenye kichwa chetu: herufi 60 za kwanza zinaishia kwenye "17 Sep". Kisu kikipita hapo kinaondoka na mwaka peke yake. Ndivyo unavyopaswa kupanga, ukijiuliza kitakachobaki baada ya kukatwa.

Ofisi zenye kuandika matangazo kwa Kiingereza, ambazo ni nyingi, zinafuata mpangilio uleule:

```
40 ward beds – Kisumu County Health – closes 17 Sep 2026
```

Kukiingiza kwenye tovuti

Hapa kuna majina matatu ya ukurasa mmoja, na watu hudhani ni moja. Kuna kichwa kinachoonekana juu ya ukurasa wenyewe. Kuna kile cha kivinjari, ambacho Google hukitumia kwanza na programu za kuwasomea wasioona hukitamka ukurasa unapofunguka. Na kuna kile kinachojitokeza mtu anapotuma linki kwenye WhatsApp. Ndani ya ukurasa vinaonekana hivi:

```html
<title>Vitanda 40 vya wodi – Afya, Kaunti ya Kisumu – mwisho 17 Sep 2026</title>
<meta property="og:title" content="Vitanda 40 vya wodi – Afya, Kaunti ya Kisumu – mwisho 17 Sep 2026">
<h1>Vitanda 40 vya wodi – mwisho 17 Septemba 2026</h1>
```

Kama tovuti yenu ni ya WordPress, kile unachoandika kwenye kisanduku cha juu ndicho kwa kawaida kinachozaa vyote, na mfumo huongeza jina la tovuti mwishoni. Nyongeza hiyo haina ubaya, maana ikikatwa hakuna kilichopotea. Ubaya unakuja pale aliyeijenga tovuti alipoweka jina la ofisi mbele. "Serikali ya Kaunti ya Kisumu – " ni herufi 31, nusu ya nafasi yako imekwenda kabla hujaanza. Muombe aigeuze, ni kazi ya dakika chache.

Angalia pia anwani ya ukurasa, ile inayoundwa kutokana na kichwa. WordPress huiunda mara moja, mwanzoni, na haiibadilishi ukirekebisha kichwa baadaye. Kwa hiyo ondoa tarehe ndani yake kabla ya kuchapisha. Iwe `vitanda-40-wodi-afya-kisumu`. Muda ukiongezwa, hutakuwa na anwani inayosema Septemba 17 huku kichwa kinasema vingine.

Halafu kuna PDF. Faili nayo ina jina la ndani, tofauti na jina la faili, na Google ikiikuta hiyo moja kwa moja inaweza kuonyesha la ndani. Ndiko yanakotoka yale maajabu ya "FINAL FINAL". Ukiwa na hati ya Word au LibreOffice, jaza nafasi ya jina kwenye sifa za hati kabla ya kuigeuza PDF. Kama umepewa PDF tayari, na una programu ya ExifTool, amri ni hii:

```
exiftool -Title="Vitanda 40 vya wodi – Afya, Kaunti ya Kisumu – mwisho 17 Sep 2026" tangazo.pdf
```

Na tafadhali, skani peke yake si tangazo. Kama huna budi kupandisha skani yenye mhuri, chapa maneno yake muhimu juu yake kwenye ukurasa, ili kuwe na kitu cha kutafutika.

Tangazo moja lenye zabuni tisa

Hili ndilo litakalokukuta mara nyingi zaidi kuliko mfano wangu wa vitanda. Ofisi inatangaza gazetini kwa jedwali: zabuni tisa, nambari tisa, mistari tisa. Gazetini ni busara, kwa kuwa kila sentimita inalipiwa. Kosa ni kuchukua jedwali lile na kulibandika kwenye tovuti kama lilivyo, na kichwa "Zabuni mbalimbali". Ukurasa mpya kwenye tovuti haulipiwi kitu.

Tenganisha. Kila zabuni ipate ukurasa wake na kichwa chake, halafu kuwe na ukurasa mmoja wa jedwali unaounganisha yote. Kichwa cha huo wa jedwali kitaje idadi na tarehe ya karibu zaidi: "Zabuni 9 – Afya, Kaunti ya Kisumu – ya kwanza mwisho 17 Sep 2026". Usiandike tarehe ya mbali kwa kuwa ni ya zabuni nyingi. Anayehitaji ya karibu ndiye atakayeumia.

Ukilalamika kwamba ni kazi ya nusu siku, ni kweli. Mimi huanza na zile ambazo wauzaji wadogo huziomba, nikimaliza na zile kubwa ambazo makampuni yake yana watu wa kufuatilia kila siku.

Muda ukiongezwa

Rudi kwenye vitanda. Jumatatu tarehe 14 Septemba idara inagundua kwamba vipimo vya godoro vimekosewa, inatoa nyongeza ya kurekebisha hati. Sehemu ya 75 ya sheria inasema marekebisho yakija wakati uliobaki ni chini ya theluthi moja ya muda waliopewa wazabuni kujiandaa, afisa mhasibu wa taasisi lazima aongeze muda. Kuanzia tarehe 1 hadi 17 ni siku 16, theluthi yake ni siku tano na kidogo, na zimebaki tatu. Kwa hiyo muda unasogezwa, tuseme hadi Alhamisi tarehe 24.

Makosa ya kawaida hapa ni kufungua ukurasa mpya wenye kichwa "NYONGEZA 1". Nyongeza ya nini? Ukurasa wa zamani nao unabaki na tarehe 17, na mzabuni aliyeuhifadhi hatajua kitu. Rekebisha ukurasa uleule:

```
Vitanda 40 vya wodi – Afya, Kaunti ya Kisumu – mwisho SASA 24 Sep 2026
```

Kimezidi kidogo, lakini hapa naruhusu. Neno "SASA" kwa herufi kubwa linamwambia aliyeona tarehe ya zamani kwamba hajachanganyikiwa. Badilisha vyote pamoja: kichwa cha kivinjari, cha WhatsApp, kinachoonekana, na jina la ndani la PDF mpya. Ukibadilisha kimoja ukaacha kingine, Google ikiona vinapingana inaweza kujichagulia maneno ya kuonyesha, na huwezi kujua itachukua tarehe ipi. Nyongeza yenyewe iambatishe ndani ya ukurasa huo, juu ya hati ya awali.

Kuna kitu kimoja huwezi kukirekebisha. Linki iliyotumwa kwenye WhatsApp tarehe 2 ilibeba kichwa cha siku hiyo, kilichotengenezwa kwenye simu ya mtumaji, nacho hakibadiliki tena. Makundi ya wasambazaji ya Bungoma na Busia yataendelea kuonyesha 17 Sep. Dawa ni kutuma linki upya kwenye makundi yaleyale, siku hiyohiyo. Kwenye Google omba ukurasa usomwe upya kupitia Search Console, ila usitegemee ufanyike ndani ya saa moja.

Zabuni ikifungwa, usifute ukurasa. Tanguliza neno moja, "IMEFUNGWA", na uache mengine yote. Ikifutwa zabuni yenyewe, andika "IMEFUTWA", maana hayo ni mambo mawili tofauti na aliyelipia dhamana ya benki anataka kujua ni lipi.

Kupima kabla ya kuondoka ofisini

Jitumie linki kwenye WhatsApp usome kinachotokea bila kuifungua. Kisha mpe simu mtu asiyehusika, mpishi wa chai au bodaboda anayesubiri langoni, umuulize maswali matatu: nani ananunua, nini, mpaka lini. Akikwama kwenye moja, usimweleze. Rudi ukarekebishe kichwa.

Baada ya siku chache tafuta kwenye Google kwa maneno ya muuzaji, si ya ofisi, ukiweka anwani ya tovuti yenu mahali pa `tovuti.go.ke`:

```
site:tovuti.go.ke vitanda wodi
```

Kichwa kikitokea tofauti na ulivyoandika, linganisha `<title>` na `<h1>` kwanza, kisha jina la ndani la PDF. Mara nyingi kosa limejificha kwenye PDF.